Nilivyokagua posho za safari kwa kuhesabu usiku badala ya kuhesabu vocha

Mimi ni mkaguzi wa ndani kwenye shirika moja lisilo la kiserikali hapa Morogoro, miradi yetu iko Kilosa, Mvomero na Gairo. Mwaka 2025 nilipewa kazi ya kupitia posho za safari za mwaka mzima, mistari kama 600 hivi, kutoka vitabu vitatu vya malipo, maana kila mradi una akaunti yake na utawala nao una ya kwake. Naandika nilivyofanya kwa sababu mwanzoni nilipoteza karibu wiki nzima nikitafuta kitu ambacho hakipo.

Nilikuwa natafuta vocha mbili zinazofanana. Mtu yule yule, kiasi kile kile, tarehe zile zile. Nikapanga kwa majina, nikapanga kwa kiasi, nikapata mbili tu, na zote zilikuwa malipo ya simu yaliyogoma yakarudi kwenye akaunti halafu yakalipwa upya, yaani hakuna hela iliyopotea. Nikakaa nikajiuliza, hivi mtu anayelipwa mara mbili anaandika fomu mbili zinazofanana ili iweje? Fomu moja ataandika semina Dodoma, nyingine ufuatiliaji Kilosa, viwango tofauti, mradi tofauti, mhasibu tofauti. Kila vocha ukiisoma peke yake imenyooka kabisa, ina kibali, ina sahihi, ina viambatanisho. Kosa linaonekana ukiziweka pamoja tu, na linaonekana kwenye usiku. Mtu mmoja hawezi kulala sehemu mbili usiku mmoja. Basi nikaacha kuhesabu vocha nikaanza kuhesabu usiku.

Nikaunganisha vitabu vyote vitatu kwenye karatasi moja ya Excel. Safu B nikaweka namba ya mfanyakazi, na hapa usiweke jina hata kidogo, sisi tuna mtu mmoja anaandikwa kwa namna nne kutegemea nani kajaza, mara jina la baba linatangulia, mara limefupishwa. Safu D tarehe ya kuondoka, safu E tarehe ya kurudi. Halafu fomula hii pembeni:

```
=COUNTIFS($B:$B,B2,$D:$D,"<"&E2,$E:$E,">"&D2)
```

Inachofanya ni kuuliza, huyu mtu ana safari ngapi zinazogusa usiku wa safari hii. Ikileta 1 ni safari yenyewe imejihesabu, ikileta 2 au zaidi kuna safari nyingine imeingia ndani yake. Mara ya kwanza niliweka "<=" na ">=" nikapata mistari 61 nikashtuka sana, kumbe wengi ni watu waliorudi tarehe 14 asubuhi na tarehe 14 hiyo hiyo mchana wakaondoka tena, na hilo halina shida maana posho yetu inalipwa kwa usiku. Nilipotoa alama ya sawasawa ikabaki mistari 19.

Ila kulikuwa na mtego mwingine ambao nusura unipite. Msaidizi wa uhasibu wa mradi mmoja alikuwa anaandika tarehe kwa nukta, 12.3.2025, na kompyuta yangu ikaisoma kama maneno tu, siyo tarehe, kwa hiyo fomula ikaruka ile mistari bila kusema chochote. Niligundua kwa macho, tarehe zake zilikuwa zimelalia upande wa kushoto wa seli wakati nyingine zote ziko kulia. Nikapima kwa `=ISNUMBER(D2)`, mistari 43 ikatoa FALSE. Nikazirekebisha moja moja kwa kurudi kwenye vocha za karatasi, ndipo ikatoka mistari mipya minne, na mojawapo ndiyo nataka kuielezea.

Afisa mmoja wa mradi alilipwa kwenda warsha Dodoma, kuondoka Jumapili tarehe 9 Machi 2025 kurudi Jumamosi tarehe 15, usiku sita. Kiwango chetu cha majiji ni 120,000 kwa usiku, kwa hiyo alichukua 720,000. Kwenye kitabu cha mradi wa pili, mtu huyo huyo alilipwa kwenda Kilosa tarehe 12 hadi 14, usiku mbili, kiwango cha wilayani 70,000, jumla 140,000. Usiku wa tarehe 12 na wa tarehe 13 umelipwa Dodoma na umelipwa Kilosa.

Sasa hapo wakaguzi wengi wanakimbilia kuandika hoja. Mimi nilisubiri, kwa sababu fomula inakwambia safari mbili haziwezi kuwa kweli zote, haikwambii ipi ni ya uongo. Inawezekana hakwenda Kilosa, mtu mwingine kamsainia. Inawezekana aliondoka Dodoma mapema. Ni makosa mawili tofauti kabisa na hela ya kurudisha ni tofauti.

Nikaanza na gari. Kwa mzee wetu dereva nikaenda mwenyewe, nikamwamkia, nikamwomba logibuku ya Machi. Tarehe 12 imeandikwa Morogoro – Dumila – Kilosa, na pale Dumila, njia panda ya kwenda Kilosa, kaandika "kupokea abiria 1" na saa. Risiti ya mafuta ya siku hiyo nayo ni ya kituo cha Kilosa, ina namba ya gari na saa 9 alasiri. Kwa hiyo jamaa kweli alikuwa Kilosa, alishuka kwenye basi la kutoka Dodoma akachukuliwa na gari la ofisi. Orodha ya mahudhurio ya mafunzo Kilosa ina sahihi yake siku mbili na inafanana na ya kwenye mkataba wake.

Basi swali likahamia Dodoma. Marejesho yake ya masurufu yalikuwa na tiketi mbili za basi za kuandika kwa mkono, ya kwenda tarehe 9 na ya kurudi tarehe 15. Nilizilaza mezani pamoja. Namba za kitabu zilikuwa zinafuatana, ya kwanza inaishia 71 na ya pili 72. Tiketi moja imekatwa stendi ya Msamvu hapa Morogoro na nyingine ilitakiwa ikatwe Dodoma siku sita baadaye, haiwezekani kati yake kitabu hicho kisiuze tiketi hata moja. Ukipewa tiketi za mkono usizitazame moja moja, zipange kwa namba halafu uzisome kwa tarehe, namba zikienda mbele na tarehe zikarudi nyuma, au zikifuatana kama hivi, hapo kuna maelezo yanatakiwa.

Nikaandika barua kupitia kwa mkurugenzi kwenda kwa waandaaji wa warsha, nikaomba nakala ya mahudhurio. Hiyo ndiyo karatasi niliyoiamini kuliko zote kwa sababu haikupita mikononi mwa mwenye kudai. Ikaja baada ya siku nane: kasaini Jumatatu na Jumanne tu. Na walituma na kitu ambacho sikukiomba, barua yao ya mwaliko yote. Ile ya kwenye vocha yetu ilikuwa ukurasa mmoja, na chini kabisa kwa herufi ndogo imeandikwa "ukurasa 1 kati ya 2". Wote tulioisoma tuliipita hiyo. Ukurasa wa pili unasema waandaaji watagharamia malazi na chakula chote kwa washiriki. Sera yetu inasema mtu akilipiwa malazi na chakula anapata robo ya kiwango.

Hesabu ikawa hivi. Dodoma alilala usiku tatu, tarehe 9, 10 na 11, robo ya 120,000 ni 30,000, kwa hiyo haki yake ni 90,000. Kilosa usiku mbili ni 140,000 na hiyo ni halali yake yote. Jumla 230,000, alilipwa 860,000, zimezidi 630,000. Angalia kwamba kujirudia kwenyewe ni usiku mbili tu. Kama ningeishia kwenye fomula ningeandika arudishe 240,000 za usiku mbili wa Dodoma na faili lingefungwa. Hela kubwa zaidi ilikuwa kwenye kiwango, na kiwango kilikuwa kwenye karatasi ambayo haipo.

Nilimwita kabla ya kuandika ripoti, nadhani ni haki ya mtu kusikilizwa kabla jina lake halijafika kwenye kamati. Nikamwekea karatasi zote mbele. Alikaa kimya halafu akasema, "Dada, bosi alinipigia Jumanne usiku, mwenzangu kaumwa, nikaambiwa niwahi Kilosa. Hela ya Dodoma nilikuwa nimeshaichukua yote." Nikamuuliza, sawa kaka, na tiketi ya tarehe 15? Hapo hakuwa na jibu. Nikamuuliza msimamizi wake peke yake, akakiri kweli alipiga simu. Kwa hiyo kwenye ripoti nilitenganisha, kubadilishiwa safari siyo kosa lake na nimeandika hivyo, kosa ni kufanya marejesho kana kwamba safari haikubadilika na kuambatanisha tiketi ya safari ambayo haikufanyika. Na upande wa uhasibu nikaandika kwamba waliidhinisha kwa mwaliko nusu.

Katika mistari 23 yote, yaani ile 19 na minne ya tarehe za nukta, iliyothibitika ni mitano. Mingine ilikuwa na majibu ya kawaida kabisa, wengi ni safari zilizoahirishwa, hela ikarudishwa benki lakini hakuna aliyeandika marejesho kwenye kitabu cha posho. Mtu ukimwandikia hoja bila kuitafuta slipu ya benki umemchafua bure.

Fomu ya marejesho tumeibadilisha, sasa kila usiku una mstari wake: tarehe, nimelala mji gani, nani kalipia malazi. Ni mistari sita badala ya mmoja na watu wamelalamika, lakini mtu akikatizwa safari anajaza alikolala kweli na mhasibu anaona kiwango cha kila usiku papo hapo. Tiketi za mkono tunapokea bado kwa njia zisizo na nyingine, ila wa Dodoma tunawaambia wapande treni ya SGR kila inapowezekana kwa sababu tiketi yake ina jina na tarehe. Yule afisa anakatwa 105,000 kila mwezi kwenye mshahara kwa miezi sita, kakubali kwa maandishi, na mwezi uliopita alikuwa wa kwanza kuleta fomu mpya, usiku wa pili kaandika "nimelala kwa shangazi, Gairo, malazi bure", kiwango cha wilayani, mwaliko kurasa zote mbili.