Kipeuo kilivyonitesa hadi nikakiacha

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu aliniletea swali: umbali mfupi kabisa kutoka nukta (0, 3) hadi parabola y = x². Nilianza na umbali wenyewe, kipeuo cha pili kikaning'ang'ania hadi daftari likachafuka. Nikakitupa, nikatafuta udogo wa mraba wa umbali. Umbali hauwi hasi, kwa hiyo ukipungua, na mraba wake hupungua.

```
D² = x² + (x² − 3)² = x⁴ − 5x² + 9
```

Mteremko wake, 4x³ − 10x, ni sifuri pale x = 0 au x² = 2.5.

"Mjomba, si x = 0? Iko chini yake wima!"

Pale D² ni 9; kwenye x² = 2.5 ni 2.75 tu. Ndipo nikakirudisha kipeuo: √2.75, takriban 1.66.