Makabati Kumi na Mawili

Nilikuwa bado mhandisi mchanga nilipokabidhiwa sehemu ya hewa katika ripoti ya misingi ya usanifu wa mitambo na umeme, jengo likiwa maabara ya chuo kikuu. Ripoti hiyo hutangulia michoro. Ndani yake watu hukubaliana kwanza jengo litahitaji nini na kwa kiasi gani.

Chumba kilichonisumbua ni kile cha mazoezi ya kemia, chenye makabati 12 ya kufyonzea mvuke. Kioo cha kabati kikipandishwa hadi usawa wa kufanyia kazi, huacha mdomo wa mita 1.5 kwa 0.5. Tulitaka hewa iingie hapo kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, kwa hiyo kila kabati lilidai mita za ujazo 0.375 kwa sekunde, na yote pamoja 4.5. Chumba kilikuwa na mita za ujazo 360 tu, maana yake hewa yake yote ingetupwa nje kila baada ya sekunde 80. Tena hairudishwi, kwa kuwa imebeba kemikali; inayoingia ni mpya na lazima ipoozwe. Kwa hali ya hewa tuliyoichukulia, nilipata kilowati 160 hivi za kupooza chumba kimoja.

Meneja wa mradi alishtuka. Akataka tuandike kwamba makabati hayatumiki yote kwa pamoja, tuhesabu asilimia 60, ili mitambo ienee katika chumba chake. Hoja hiyo naikubali kwenye maabara za utafiti, ambako kila mtu ana ratiba yake. Hapa niliona tuwaulize wenyewe kwanza.

Nikamfuata fundi sanifu wa maabara, mama wa makamo.

“Mama, siku ya mazoezi huwa yanafunguliwa makabati mangapi?”

“Yote, mwanangu. Zoezi ni moja na wanaanza pamoja.”

Nikapiga hesabu upya. Asilimia 60 ni mita za ujazo 2.7, zikigawanywa kwa makabati yote, kasi mdomoni inashuka hadi mita 0.3 kwa sekunde. Mtu akitembea nyuma ya mwanafunzi huenda karibu mita moja kwa sekunde, na upepo wa mwili wake waweza kuutoa mvuke nje, usoni pa anayefanya kazi. Nilimwekea meneja ukurasa huo mezani. Aliusoma mara mbili, kisha akauliza kuhusu umeme.

Tukaafikiana: chumba cha mazoezi asilimia 100, ghorofa ya utafiti 60. Feni za kutoa hewa zilishwe na jenereta umeme ukikatika. Zikisimama kwa sababu yoyote, zile za kuingiza zizimike zenyewe, la sivyo chumba kitajaa hewa na mvuke utasukumwa hadi koridoni. Kando ya kila tarakimu niliandika cheo cha aliyeitoa, na kwenye ile ya 100 fundi sanifu alitia sahihi kabla mchoro wowote haujaanza.