Siku moja na treki nane za kwaya

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua kazi tuliyorekodi jana kanisani: wimbo mmoja, waimbaji ishirini na wanane, treki nane. Maiki mbili kuu zilisimama mbele ya kwaya, juu kidogo ya kichwa cha mwalimu. Kila sauti, ya kwanza hadi ya nne, ilikuwa na maiki yake ya karibu, na mbili za mwisho zilikuwa kwenye piano. Kabla sijagusa kitu, nasikiliza zile kuu peke yake mara mbili. Kwaya yote imo humo. Piano nayo imo, ila inasikika kama inapigwa chumba cha pili.

Saa 3:00. Usafi. Nakata ngurumo za chini ya Hezi 80, maana jukwaa ni la mbao na kuna waimbaji wanaopiga mdundo kwa mguu bila kujijua. Sauti ya nne naikatia chini zaidi, kwenye 60, nisije nikaila besi yenyewe. Hapa sikai.

Saa 4:00. Napandisha maiki za piano, na kila noti inagonga kwa ukungu, kama piano mbili zisizokubaliana. Sababu naijua. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde 3. Piano inafika kwenye maiki zake papo hapo, lakini ikifika kwenye maiki kuu imeshachelewa.

Bahati nzuri, jana kabla ya kuanza nilimwomba mpiga piano apige kofi moja juu ya nyuzi. Navuta picha ya wimbi mpaka kofi lionekane kama mwiba kwenye kila treki. Kutoka maiki za piano hadi maiki kuu: milisekunde 14, sawa na umbali wa mita 4.8. Nazichelewesha treki za piano kwa 14. Ukungu unaondoka, noti zinapata ncha.

Saa 5:30. Sasa maiki za karibu za waimbaji. Maiki ya sauti ya tatu ilikuwa hatua moja mbele yao, na maiki kuu ziko mita mbili na ushee zaidi. Kwa hesabu, niicheleweshe kwa 6. Nafanya hivyo, naipandisha, na waimbaji wanasogea mbele vizuri kabisa. Ila piano imeharibika! Imekuwa na mlio wa bomba. Nikishusha fada ya sauti ya tatu, piano inapona. Nikiipandisha, inaugua tena. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika: ukigusa fada ya mtu mmoja na mwingine akabadilika sura, tatizo ni sauti iliyovuja kwenye maiki isiyo yake.

Narudi kwenye lile kofi. Waimbaji wa sauti ya tatu ndio waliokaa jirani na piano, na kofi linaonekana kwenye maiki yao baada ya milisekunde 7. Jumlisha 6 nilizoongeza, inakuwa 13, wakati kwingine kote piano iko kwenye 14. Tofauti ya milisekunde 1 tu, lakini inatosha mawimbi kufutana na kuchimba mashimo kwenye Hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea. Katikati kabisa ya piano.

Naweka 7 badala ya 6. Je, waimbaji hawataathirika kwa ile 1? Wataathirika kidogo, ila wao ni vinywa saba, kila kimoja na umbali wake hadi kwenye maiki, kwa hiyo mashimo yao hayaangukii mahali pamoja. Hakuna namba moja inayowafaa wote. Piano ni pana pia, lakini ni chombo kimoja, na sikio hulijua kosa lake upesi. Kwa hiyo naipendelea.

Saa 8:00 mchana. Mwalimu wa kwaya anaingia. Anasikiliza amefumba macho.

"Fundi, sauti ya tatu bado iko nyuma."

Naongeza desibeli 2. Anaguna.

"Sasa nasikia mtu mmoja, sisikii sauti ya tatu. Na namjua ni nani."

Kweli, maiki ilikuwa usoni kwa mmoja wao, na "s" zake zinatangulia wenzake. Narudisha zile 2, kisha napandisha 1 tu kwenye beti la pili, wanapobeba wimbo.

Saa 10:00. Naongeza mwangwi kidogo kwenye maiki za karibu tu. Zile kuu zimeshakuja na mwangwi wa kanisa. Kwa jaribio, nageuza yote kuwa mono, kushoto na kulia zikiwa kitu kimoja. Piano haipungui wala haibadiliki rangi.

Saa 11:30 jioni. Natoa faili. Mwalimu ananiomba nimkatie kipande cha sauti ya tatu peke yake, ana mazoezi nao kesho.