Saa 7 asubuhi

Mwaka 2022, mikorosho ikikaribia kuchanua, chama cha msingi kimoja huku Newala kilinikabidhi kipeperushi cha Kiingereza kuhusu salfa ya unga, dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mikorosho. Mtu alikuwa ameshakipitisha kwenye mashine ya kutafsiri. Kazi yangu ilikuwa kukagua kabla hakijapigwa chapa.

Nilichora safu tatu: Kiingereza cha asili, Kiswahili cha mashine, na Kiingereza kilichorudi, yaani Kiswahili hicho kikitafsiriwa tena kwa Kiingereza. Kila sentensi niliirudisha peke yake, maana ukiweka aya nzima mashine huotea maana kutoka kwa sentensi jirani, kosa likafunikwa. Tena niliirudisha kwa mashine nyingine, si ile iliyotafsiri.

Kosa la kwanza lilijitangaza. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kupulizia unga na kwa kufuta vumbi, na mashine ikamwambia mkulima afute vumbi kwenye miti. Safu ya tatu ilirudi na habari za kupangusa. Nikaandika "pulizia salfa". Hiyo nayo ikarudi kama kupuliza dawa ya maji, na hapo mashine ilinionyesha jambo la kweli: "kupulizia" kwetu ni kwa unga na kwa maji vilevile. Nikaongeza "ya unga".

Palipolingana ndipo paliponitisha. "Tufaha la korosho" lilirudi bila kasoro, neno kwa neno, ingawa Mtwara nzima huliita bibo. Tafsiri ya kufuata maneno hurudi salama kwa sababu haikuondoka Kiingereza.

Kisha saa. Kipeperushi kilitaka kazi iishe kabla ya saa moja asubuhi, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani na maua, ili unga ushike. Wazungu huiandika kwa tarakimu 7, na mashine ikaandika "kabla ya saa 7 asubuhi". Ilirudi sawasawa kabisa. Ningetegemea safu zangu tu, ningeipitisha.

Nilimsomea mzee mmoja mwenye shamba, nikamuuliza ataanza lini na kumaliza lini. Sikumuuliza kama ameelewa. Swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo.

"Saa saba ya asubuhi ipi, mwanangu? Saa saba watu wanakula."

Akaongeza kwamba labda wamekosea neno, walitaka kusema mchana. Mchana upepo umeshaamka na umande umekauka: salfa yote ingeenda kwa jirani, ubwiri unga ukabaki kwenye maua.

Niliandika "kabla ya saa 1 asubuhi, umande ukiwa bado upo". Niliporudisha, mashine ikaleta saa saba ya usiku. Katibu aliona wino mwekundu kwenye safu ya tatu akasema, "Mwalimu, hii bado hailingani." Nikamwambia aipeleke hivyohivyo kwa mpiga chapa.