Saa nane ya shangazi

Juzi mwanangu kaniuliza kwa nini simu imeandika 7:30 na bibi yake anasema saa moja na nusu. Nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ile jioni barazani Wete, na shangazi na karatasi yake.

Alikuwa apimwe sukari, na ujumbe wa miadi ukaja kwa Kiingereza. "Niandikie kwa Kiswahili," akaniambia, "nisome mwenyewe." Kwenye saa ya miadi sikuteleza. Ujumbe nao uliandika 7:30; ningenakili tarakimu zile, angetoka nyumbani baada ya adhuhuri. Nikaandika: Jumatano, saa moja na nusu asubuhi. Ufunge saa nane kabla.

Akasoma taratibu, miwani puani.

"Saa nane ya usiku? Basi daku nitaiwahi. Lakini Jumatano nafunga nini? Sunna ni Jumatatu na Alhamisi."

Nikanyamaza. Kiingereza kina neno moja kwa mfungo wa Ramadhani na kwa kukaa bila kula kabla ya kipimo, nami nikalibeba vilevile. Kumbe shangazi akisikia "ufunge" ameshaacha na maji, na ujumbe ulimruhusu maji matupu. Na "saa nane" yangu, niliyoikusudia kuwa muda, kwake ilikuwa wakati. Angekula saa saba na dakika hamsini usiku, roho yake safi, na kipimo kikaharibika.

Nikafuta. Usile chochote kwa muda usiopungua masaa manane kabla ya kupimwa. Maji matupu unaweza kunywa. Ukichelewa zaidi ya robo saa, utapangiwa siku nyingine. Hapo tena nikasita: ujumbe haukukata hivyo, ulisema huenda. Kwa "utapangiwa", gari ikimchelewesha angegeuza njiani akarudi nyumbani. Nikaandika "huenda ukapangiwa".

"Sasa mwisho wa kula saa ngapi?"

Tukahesabu kwa vidole, kurudi nyuma kutoka saa moja na nusu. Saa tano na nusu usiku. Usiku wa lini? Kwa shangazi, usiku wa Jumatano unaingia na magharibi ya Jumanne. Mie wa skuli naona unakuja baada ya mchana wa Jumatano. Nikaandika "usiku wa kuamkia Jumatano", tukakubaliana sote wawili.

Kwenda akaenda, akapimwa, akarudi analalamika sindano.

Lakini ule mstari wa saa tano na nusu haukuwamo kwenye ujumbe. Hesabu ilikuwa sahihi, ila niliuongeza mie, na jioni ileile nilitaka kuukata. Shangazi alishaikunja karatasi, anaifunga kwenye ncha ya kanga.

"Uwache huohuo," akasema. "Ndio pekee nilioufahamu mara ya kwanza."