Nilivyovipata vipimo vya dada kwenye folda ya nakala rudufu

Dada yangu ni fundi cherehani Morogoro, na vipimo vya wateja wake wote huviandika kwenye programu ya kumbukumbu iliyo ndani ya simu. Haina akaunti, haitumii intaneti, kila kitu kinabaki humo humo. Jumamosi jioni alinipigia sauti ikitetemeka: "Mdogo wangu, vipimo vya sare za harusi vimepotea. Watu 11, na kitenge nimeshakikata nusu."

Kisa kilikuwa hiki. Jumatano jioni alitaka kuanza ukurasa wa mteja mpya, lakini alifungua ule ule wa harusi, akachagua maneno yote, akayafuta na kuandika mengine juu yake. Kwa hiyo kwenye pipa la taka la programu hapakuwa na kitu. Ukurasa haukufutwa, ulibadilishwa maandishi, na pipa huhifadhi kurasa zilizofutwa tu.

Jambo la kwanza nililomwomba ni asiguse kitu. Alishataka kuitoa programu na kuipakua upya, na hapo tungekwisha: ukiiondoa programu, Android hufuta pia folda yake iliyo ndani ya `Android/data`. Nikamwambia aingie kwenye mipangilio ya simu, aitafute ile programu na kuisimamisha kwa nguvu, kisha asiifungue tena hadi nifike. Nilikumbuka kwamba nilipomwekea programu hiyo niliwasha nakala rudufu ya kila usiku, na nilichagua zibaki nakala 5. Ya sita ikiingia, ya kwanza inafutwa. Programu iliyosimamishwa kwa nguvu haifanyi kazi zake za usiku mpaka uifungue mwenyewe.

Jumapili asubuhi nilifika na laptopu. Simu yake ni Android 13, na tangu Android 11 programu za kuangalia faili kwenye simu kwa kawaida hazionyeshi yaliyomo ndani ya `Android/data`, ndiyo maana wengi hudhani folda ni tupu. Nilichomeka kebo ya USB, nikagusa taarifa iliyotokea kwenye simu na kuchagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu. Kwenye kompyuta folda ikafunguka, na ndani ya folda ya programu, chini ya `files/backup`, nikakuta hizi:

```
notes_20240604.bak
notes_20240605.bak
notes_20240606.bak
notes_20240607.bak
notes_20240608.bak
```

Nilizinakili zote 5 kwenye laptopu kabla ya kufungua hata moja. Nakala hutengenezwa saa nane usiku, na kosa lilitokea tarehe 5 jioni, kwa hiyo niliyoihitaji ni ya tarehe 5: ilitengenezwa siku hiyo hiyo, kabla ya kosa.

Mwisho wa `.bak` haukwambii faili ni ya aina gani. Ifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida uangalie herufi za mwanzo. Ukiona `SQLite format 3`, hiyo ni hifadhidata. Ukiona mabano `{` au `[`, mara nyingi ni maandishi unayoweza kuyasoma hapo hapo. Yetu ilianza na `PK`, yaani ni zipu. Nikabadilisha jina la nakala yangu liishie na `.zip`, nikaifungua, ndani mkawa na `notes.db` na `notes.db-wal`.

Hapa ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Nilitoa `notes.db` peke yake, nikaifungua kwa DB Browser for SQLite na kutafuta neno "nyonga". Ukurasa ukaja, kifua 38, kiuno 32, nyonga 42, ila watu walikuwa 9. Dada akasema wawili wa mwisho walikuja Jumanne jioni. Nikaitazama tena ile `-wal`. Humo ndimo SQLite huweka mabadiliko ya karibuni kabla ya kuyaingiza kwenye faili kuu. Nikafunga kila kitu, nikatoa faili zote mbili upya kwenye folda moja, majina yakiwa vile vile, nikafungua tena. Wakawa 11.

Sikutumia kitufe cha kurejesha nakala kilichomo kwenye programu, maana kingerudisha kila kitu kama kilivyokuwa usiku wa kuamkia Jumatano, na vipimo vya wateja wa siku zilizofuata vingepotea. Nilinakili maandishi ya ukurasa ule tu, nikayatuma kwenye simu, dada akayabandika kwenye ukurasa mpya.

Kama programu ingekuwa haitengenezi nakala, tusingefika popote. Data yenyewe hukaa `/data/data`, ambako kebo haifiki. Kupafikia huhitaji kufungua ulinzi wa simu, na kwenye simu nyingi hatua hiyo yenyewe hufuta kila kitu. Kabla sijaondoka tulibadilisha nakala kutoka 5 hadi 30, na mahali pa kuzihifadhi tukapaweka kwenye folda ya `Documents`, ambayo hubaki hata programu ikiondolewa. Kisha dada akavuta kitenge na chaki, akaanza na yule wa kumi.