Siku Moja Maishani Mwangu: Tangazo la Sekunde 30 la Duka la Baiskeli

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya redio ya wafanyabiashara wadogo. Leo ninaandika tangazo la duka la baiskeli lenye mafundi wawili, na linatakiwa kuwa tayari kurushwa hewani Jumatatu asubuhi.

Saa 2 asubuhi

Mama mwenye duka amenitumia ukurasa mzima wa mambo anayotaka yasemwe. Anauza baiskeli mpya na zilizotumika, anauza matairi na minyororo, anatengeneza, anakodisha, ana baiskeli za watoto, mafundi wake ni wazoefu na bei zake ni nafuu. Yote hayo ni kweli, na mtangazaji mwenye ulimi mwepesi angeweza kuyasoma yote ndani ya sekunde 30, lakini msikilizaji asingebaki na hata moja. Mtu anayesikiliza redio huwa na kazi nyingine mkononi, na hawezi kurudi nyuma kusikia tena kilichompita. Kwa hiyo saa za mwanzo za siku yangu si za kuandika. Ni za kuchagua jambo moja na kuyaweka mengine kando.

Saa 3 asubuhi

Nampigia simu. Sikumwuliza sifa za duka lake, kwa sababu sifa kila mwenye duka anazo. Nilimwuliza hivi: "Mama, wengi walioleta baiskeli wiki hii walikuja na shida gani?"

Alijibu papo hapo: "Breki, mwanangu. Na wanakuja wamechelewa. Breki inalia, mtu anaizoea, anaendelea kupanda. Anakuja kwangu siku imekataa kushika."

Hapo ndipo wazo la tangazo lilipopatikana. Ni jambo ambalo tayari limo katika maisha ya msikilizaji, kwa hiyo sitatumia sekunde hata moja kumshawishi kwamba lipo. Pia ni jambo lenye sauti yake, na redio haina picha. Breki ikilia kwenye spika, mwenye baiskeli ataitambua kabla mtangazaji hajafungua kinywa.

Namwomba mama anipe fundi nizungumze naye, maana tangazo likidai jambo la kiufundi lisilo sahihi, fundi ndiye atakayeulizwa na wateja. Ananieleza kwamba breki inayobana ukingo wa gurudumu hulia kwa sababu mbalimbali: vumbi au mafuta yaliyoshika ukingo, raba za breki zilizokaa vibaya au kuwa ngumu, au raba zilizokwisha kiasi kwamba chuma kimeanza kukwaruza. Kwa hiyo siwezi kuandika "breki ikilia, raba zimekwisha", ingawa ni sentensi fupi yenye nguvu. Nitaandika "huenda". Neno hilo halinipotezei kitu, kwani shaka yenyewe ndiyo inayompa mtu sababu ya kupeleka baiskeli ikakaguliwe.

Saa 4 asubuhi

Sasa ni zamu ya ofa. Mama alikuwa ametaka niseme "punguzo kubwa kwa huduma zote". Ofa ya namna hiyo haimwambii mtu atapata nini, kwa sharti gani, wala mpaka lini, na mambo hayo matatu lazima yasikike. Tunakubaliana kwamba breki zitakaguliwa na kukazwa bure, na kwamba raba zikihitajika mteja atalipia raba peke yake, bila gharama ya ufundi.

Kabla ya kuandika namwuliza fundi kazi hiyo huchukua muda gani, naye anasema kama dakika 10 kwa baiskeli moja ikiwa hakuna la kubadilisha. Mafundi wawili, basi, hawawezi kuzidi baiskeli 12 kwa saa, tena wakiacha kazi nyingine zote. Mama alitaka ofa iwe ya Jumamosi moja tu, na hesabu hiyo inamfanya abadili mawazo, kwa kuwa foleni ya watu waliokuja kwa kitu cha bure na wakarudi bila kuhudumiwa ni hasara ambayo tangazo jingine haliwezi kuifuta. Ofa itaanza Jumatatu na kuishia Jumamosi jioni.

Saa 5 hadi saa 7 mchana

Naanza kuandika kwa kuanzia mwisho, yaani sentensi ya kufunga, kwa sababu ndiyo itakayobaki sikioni na ndiyo inayoniambia yapi hayana kazi katika mengine. Sentensi hiyo inatakiwa kumwambia mtu tendo moja la kufanya. "Karibuni nyote" haimwambii mtu afanye nini, na "sisi ndio wataalamu wa baiskeli" inamsifu mwenye duka tu. Baada ya kupanga na kupangua, ninayobaki nayo ni hii: "Breki ikilia, ilete." Sharti na agizo vimekaa pamoja katika maneno matatu, na mtu anaweza kuikumbuka wiki nyingine kabisa, ofa ikiwa imekwisha na baiskeli yake ndiyo kwanza imeanza kulia.

Kuhusu urefu, mimi hupima kwa silabi, si kwa idadi ya maneno. Neno letu moja kama "atazikagua" lina silabi sita, na neno "tu" lina moja, hivyo maneno 60 yanaweza kuwa mepesi au kumkata mtangazaji pumzi. Kipimo changu ni silabi tano kwa sekunde, mwendo ambao mtu husoma akieleweka bila kukimbia. Nikitoa sekunde saba za sauti za baiskeli, zinabaki sekunde 23, yaani silabi 115 hivi. Nambari ya simu naiacha nje. Nambari yenye tarakimu kumi, ikisomwa "sifuri, saba, nne" na kuendelea, hula takriban sekunde tano, na hakuna anayeinakili huku mikono imeshika kazi. Alama ya mahali inatosha.

Saa 8 mchana

Rasimu ya kwanza nilisimama nayo na saa ya kupimia, nikaisoma kwa sauti kamili. Kusoma kimoyomoyo hudanganya, kwa sababu macho hurukia na ulimi hauwezi. Ilifika sekunde 38. Niliondoa sentensi iliyosema mafundi ni wazoefu, na nyingine iliyoeleza hatari ya breki mbovu, maana sauti ya breki ilikuwa imekwisha kuieleza.

Kisha nilimsomea mwenzangu wa ofisini akiwa anapanga majalada, bila kumwonya kwamba nitamwuliza. Nilipomaliza nikamwuliza duka linatoa nini. Akasema, "Wanakubadilishia raba za breki bure mpaka Jumamosi." Siku aliishika na mahali alipataja, lakini ofa aliipata kombo, kwani neno "bure" lilikuwa limemeza sharti lililofuata. Katika rasimu ile sharti lilikuwa limefichwa katikati ya sentensi ndefu: "atazikagua, kuzikaza na hata kuzibadilisha raba kwa bei ya raba tu, ufundi ukiwa ni bure." Sentensi kama hiyo huzaa ugomvi dukani, mteja akidai kilichosemwa redioni na fundi akikana. Nililitenga sharti likasimama peke yake, kwa maneno mepesi, mara tu baada ya neno "bure". Niliporudia kwa mtu mwingine, alilieleza sawasawa.

Maandishi yaliyokwenda studio ni haya, isipokuwa jina la duka ambalo sitaliweka hapa:

SAUTI (sekunde 4): Baiskeli inateremka. Breki inalia, kisha kimya.

MTANGAZAJI: Umeizoea sauti hii? Huenda ni vumbi tu. Huenda raba za breki zimekwisha. Hadi Jumamosi hii jioni, fundi wetu atazikagua breki zako na kuzikaza bure. Zikihitaji raba mpya, utalipia raba tu.

SAUTI (sekunde 3): Baiskeli inasimama kwa utulivu. Kengele, mara moja.

MTANGAZAJI: Duka la baiskeli (jina), mkabala na kituo cha mabasi. Breki ikilia, ilete.

Ukihesabu utapata takriban maneno 40 na silabi 110. Kwenye karatasi yanaonekana machache mno, na kila mteja hunishinikiza niongeze, lakini yakisomwa kwa mwendo wa mtu anayezungumza na jirani yake yanajaza nafasi yote.

Saa 9 alasiri

Studio tunaanza na sauti ya breki. Tumeirekodi kwenye baiskeli halisi uani, kwa sababu ya kwenye maktaba ya sauti ilikuwa ya gari. Mlio huo ni mkali, na kwenye redio ndogo hugeuka kero, basi tunaupunguza nguvu. Kengele nayo tunaiweka chini, maana msikilizaji aliye barabarani akishtuka na kugeuka nyuma kutafuta baiskeli, tutakuwa tumemhatarisha. Muziki hatuweki kabisa chini ya sentensi za ofa.

Mtangazaji ana sauti nzuri, ila mara ya kwanza anasoma kwa shangwe kama anayetangaza tamasha, na swali la "umeizoea sauti hii?" linapoteza maana. Namwomba alisome kama anavyoweza kumwambia dada yake aliyemwona akipita na baiskeli inayolia. Jambo jingine ninalolisimamia ni kituo kabla ya sentensi ya mwisho. Anatua kidogo baada ya "mabasi", kama nusu sekunde hivi, na sentensi ya kufunga inasimama peke yake badala ya kusikika kama mkia wa anwani. Baada yake hasemi kitu tena. Kipande kilichokubaliwa kina sekunde 29 na nusu.

Saa 11 jioni

Namtumia mama tangazo, naye anapenda, kisha anauliza kama tunaweza kupachika baiskeli za watoto, hata kwa neno moja. Namweleza kwamba neno hilo moja litafungua wazo la pili, na aliyekuwa anafikiria breki yake ataanza kumfikiria mtoto. Baiskeli za watoto zina tangazo lake, nitaliandika karibu na likizo za shule, wakati wazazi wanapozitafuta. Anakubali.

Kituo cha redio nakiandikia kwamba tangazo lisirushwe baada ya saa 6 mchana siku ya Jumamosi, kwani "Jumamosi hii jioni" likisikika Jumapili litakuwa limewaita watu kwa ofa isiyokuwepo. Kwa mafundi nimeacha daftari moja na ombi moja: kila anayeleta baiskeli kwa ajili ya breki aulizwe alisikia wapi, na aandikwe ameelewaje kuhusu raba. Wawili au watatu wakisema walidhani raba ni za bure, nitairekodi upya sentensi hiyo kabla wiki haijafika katikati.